Iwe Haraka Kiasi Gani? Namna ya Kuipa Namba Kasi ya Programu

Agizo lenyewe huwa fupi. Kikao kinaelekea ukingoni, watu wameshaanza kufunga kompyuta zao, na msimamizi wa bidhaa anasema, "Jamani, wateja wanalalamika. Hii programu iwe haraka." Hakuna anayebisha. Wiki kadhaa baadaye wasanidi wanarudi na ripoti: wamehamia seva yenye nguvu zaidi, wamesafisha msimbo, wamepunguza ukubwa wa programu. Msimamizi anaifungua kwenye simu yake, anabonyeza huku na huko, kisha anasema, "Mbona mimi naona ni ile ile?" Lawama zinaanza, na hakuna namna ya kujua nani yuko sahihi, kwa sababu siku ya kikao hakuna aliyetaja haraka ni sekunde ngapi, kwa mteja yupi, akiwa anafanya nini.

Kinachokosekana hapo ni sentensi moja tu, lakini iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Tuchukue mfano mmoja tuone sentensi hiyo inavyojengwa. Kuna programu ya simu ambayo wenye maduka ya rejareja wanaagizia bidhaa za jumla: sukari, sabuni, mafuta ya kula, unga. Mwenye duka wa Tandika au wa Songea anachagua katoni anazotaka, anabonyeza kitufe cha "Thibitisha oda", na kesho yake mzigo unafika. Tarakimu za mfano huu nimezipanga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Mambo yanayotokea ndani yake ni ya kawaida katika kazi hii.

Jambo la kwanza ni kujua wateja wanalalamikia nini hasa. Mtu anayesema programu ni nzito anaweza kuwa na maana nne zisizofanana. Huenda inachukua muda kufunguka. Huenda imefunguka, lakini ukiivuta juu na chini inashikashika. Huenda ukibonyeza haijibu, ukabaki hujui kama kidole kimegusa au hakikugusa. Au kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu yanatokea maandishi ya kwamba kuna hitilafu. Kila moja ina chanzo chake na dawa yake. Timu inayopunguza muda wa kufungua programu wakati wateja wanaumia kwenye kuthibitisha oda itafanya kazi nzuri ambayo hakuna atakayeiona.

Njia ya uhakika ya kujua ni kwenda dukani kumtazama mtu akifanya kazi yake, bila kumsaidia wala kumharakisha. Katika mfano wetu, wanaokwenda wanakuta kwamba mwenye duka hajali sana programu kuchelewa kufunguka asubuhi. Anaiacha ikifunguka huku anampimia mteja mchele. Shida iko mwishoni. Anabonyeza "Thibitisha oda", kiduara kinazunguka, anasubiri, anaona kimya, anabonyeza tena. Kesho yake zinakuja katoni mbili za sabuni badala ya moja, naye anapiga simu kwa hasira. Kwa hiyo kitendo cha kushughulikiwa ni kuthibitisha oda. Vingine vitasubiri. Mimi naamini timu inayoanza na kitendo kimoja hufika mbali kuliko inayotaka kuharakisha kila kitu kwa mpigo.

Sasa tupime. Hapa ndipo mabishano mengi huzaliwa, maana watu wawili wanaweza kupima kitu kimoja wakapata majibu yaliyoachana mbali na wote wakawa wakweli. Mtaalamu wa seva anafungua kumbukumbu zake na kusema kwamba oda inashughulikiwa kwa wastani wa nusu sekunde. Ni kweli: kuanzia ombi linapofika kwenye seva hadi jibu linapotoka, ni nusu sekunde. Mwenye duka anasema anasubiri hadi sekunde kumi na zaidi. Naye ni mkweli, kwa sababu saa yake inaanza kidole kinapogusa kitufe na inasimama anapoona namba ya oda. Katikati ya vituo hivyo viwili kuna simu kutafuta anwani ya seva, kufungua mawasiliano, data kusafiri mnarani na kwenye kebo, foleni ya kuingia kwenye seva, safari ya kurudi, na simu kuchora skrini mpya. Hayo yote seva haiyaoni.

Lengo la kasi lianze na kuishia pale mteja anapoanzia na kuishia. Kwetu hapa, mwanzo ni kidole kugusa kitufe, na mwisho ni namba ya oda iliyotolewa na seva kuonekana kwenye skrini. Sisitiza kwamba namba hiyo imetolewa na seva. Bila maneno hayo, ipo njia rahisi ya kulifikia lengo bila kumsaidia mtu: programu inaandika "Oda imepokelewa" papo hapo, kabla oda haijatoka kwenye simu. Grafu itapendeza, na siku mtandao utakapokatika katikati mwenye duka atasubiri mzigo ambao hakuna aliyeuandika popote.

Kuna kosa dogo la kiufundi ambalo huharibu vipimo hivi. Simu nyingi hubadilishwa saa na wenyewe, au saa hujirekebisha yenyewe inapopata mtandao. Ukipima kwa kutoa saa ya mwanzo kwenye saa ya mwisho, utakuta oda zilizochukua sekunde hasi na nyingine zilizochukua saa tatu. Kwenye Android tumia `SystemClock.elapsedRealtime()`, ambayo huhesabu muda tangu simu iwashwe na haijali mtu amerekebisha saa. Kipimo chenyewe ni tarakimu chache. Kihifadhiwe kwenye simu na kitumwe pamoja na ombi linalofuata, kisile bando la mteja.

Baada ya siku kadhaa vipimo vinaanza kuingia, na swali linalofuata ni namna ya kuvisoma. Tazama oda kumi tu. Nane zimechukua sekunde 1.2, 1.3, 1.4, 1.5, 1.6, 1.8, 2.0 na 2.2. Mbili zilizobaki zimechukua sekunde 9 na sekunde 18. Jumla ni sekunde 40, kwa hiyo wastani ni sekunde 4. Lakini katika watu hao kumi hakuna hata mmoja aliyesubiri sekunde 4. Wanane wamehudumiwa vizuri, wawili wamehudumiwa vibaya sana, na wastani umewachanganya wote ukatoa picha ya mtu asiyekuwapo. Mbaya zaidi, ukiwaharakisha wale wanane kwa nusu sekunde kila mmoja, wastani utashuka na timu itashangilia, huku wawili wanaopiga simu kulalamika wakiwa pale pale walipokuwa.

Ndiyo maana wataalamu wa kasi huwapanga watu kwenye mstari kuanzia aliyehudumiwa haraka hadi aliyecheleweshwa, kisha wakauliza mtu wa 50 katika mia amesubiri muda gani, na mtu wa 75, na mtu wa 95. Mtu wa 50 anaonyesha hali ya kawaida. Mtu wa 95 anaonyesha mateso ya wale walio nyuma. Google, katika vipimo vyake vya kurasa za wavuti, hutumia mtu wa 75: ukurasa huhesabiwa kuwa mzuri iwapo sehemu yake kubwa inaonekana ndani ya sekunde 2.5 kwa angalau robo tatu ya wanaoutembelea. Hicho ni kiwango cha haki kwa ukurasa ambao mtu anapita tu. Kwa kitendo kinachohusu fedha na mzigo, mimi ningekwenda mbali zaidi, hadi mtu wa 95.

Wapo watakaosema watano katika mia ni wachache. Lakini fikiria mwenye duka anayeagiza mara 20 kwa mwezi. Ikiwa kila oda ina nafasi moja katika ishirini ya kuchelewa, bila kutegemea oda iliyotangulia, uwezekano wa yeye kukutana na ucheleweshaji angalau mara moja kwa mwezi ni asilimia 64. Anayeagiza mara mbili tu kwa mwezi, uwezekano wake hauzidi asilimia 10. Hivyo wateja wanaokutumia sana ndio wanaoumia zaidi. Upande wa pili, usiende mbele kupita idadi ya vipimo ulivyonavyo. Programu yenye oda 200 kwa siku ikimtazama mtu wa 99, itakuwa inahukumiwa na oda mbili tu, na namba itaruka kila siku kwa bahati nasibu. Kusanya vipimo vya wiki nzima ndipo usome. Na usichukue matokeo ya mtu wa 95 ya kila siku ukayatafutia wastani wa wiki. Hesabu hiyo haina maana. Rudi kwenye vipimo vyote vya wiki, vipange upya kwenye mstari mmoja.

Tuseme vipimo vya majuma mawili vimeonyesha kwamba mtu wa 50 anasubiri sekunde 2.4 na mtu wa 95 anasubiri sekunde 14. Huo ndio msingi. Bila msingi hakuna lengo, kwa sababu hutajua umetoka wapi. Kisha vipimo vigawanywe kwa aina ya simu na aina ya mtandao, na hapo mambo hubadilika. Katika mfano wetu, wanaosubiri muda mrefu karibu wote wana simu za Android zenye RAM ya GB 2 au pungufu, na wengi wako kwenye 3G. Msimamizi wa bidhaa ana simu ya bei kubwa iliyounganishwa kwenye waifai ya ofisi. Alipoona "ni ile ile", alikuwa akiangalia programu ambayo kwake haikuwahi kuwa na tatizo.

Facebook walilipata somo hili barani Afrika. Mwaka 2013 walituma wasimamizi wa bidhaa na wahandisi wao kuja kuitumia programu yao ya Android kwenye simu na mitandao ya huku. Mtandao ulikatikakatika, programu ilijifunga mara kwa mara, kupakia kulikuwa kwa kusuasua, na bando la mwezi mzima liliisha ndani ya dakika 40. Waligundua pia kwamba programu ilikuwa inaandaa vipengele vingi kwa pamoja wakati wa kufunguka, jambo ambalo simu yenye kiini kimoja cha kuchakata haliwezi. Vipengele visivyo vya lazima vikasogezwa hadi baada ya programu kufunguka. Mwaka 2014 walitangaza kwamba muda wa kufunguka umepungua kwa nusu, na matumizi ya data pia kwa nusu. Sababu hizo zisingeonekana kwenye simu za kisasa za makao makuu yao.

Kwa hiyo timu inunue simu zile zile ambazo wateja wanazo, laini ya mtandao ule ule, na bando lile lile. Simu mbili tatu zinatosha, na ziwe mezani kila siku. Ukitaka kupima muda wa kufunguka kwenye simu hiyo iliyounganishwa na kompyuta, amri mbili zinatosha:

```
adb shell am force-stop tz.mfano.duka
adb shell am start -W -n tz.mfano.duka/.MainActivity
```

Simu itajibu kwa mistari michache, mmojawapo ukiwa `TotalTime`, ambao ni muda kwa milisekunde hadi skrini ya kwanza ichorwe. Angalia vizuri: skrini hiyo inaweza kuwa tupu, bila hata bidhaa moja. Ili kupima hadi bidhaa zionekane, msanidi aiite `reportFullyDrawn()` wakati orodha imejaa. Miongozo ya Android inahesabu programu iliyozimwa kabisa kuwa imechelewa kupita kiasi ikichukua sekunde 5 au zaidi kufunguka. Hicho ni kizingiti cha ubaya. Asiwepo wa kukichukua kama shabaha.

Tumefika kwenye namba yenyewe. Itatoka wapi? Watu wengi hutaja nusu ya kile kilichopo, kwa sababu nusu inasikika vizuri. Kuna misingi bora zaidi. Tangu Robert Miller alipoandika juu ya mazungumzo ya binadamu na kompyuta mwaka 1968, na Jakob Nielsen alipoyarudia katika kitabu chake cha mwaka 1993, mipaka mitatu imebaki ile ile. Ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona kitu kimejibu papo hapo. Ndani ya sekunde moja huona kumechelewa kidogo, lakini mawazo yake hayakatiki. Kufikia sekunde kumi, akili yake imeshahamia kwingine. Mipaka hiyo inatokana na binadamu, si na mashine, ndiyo maana haijazeeka.

Msingi wa pili ni mwenendo wa wateja wako wenyewe, na huu naupenda zaidi. Kumbukumbu za programu zinajua ni lini mtu amebonyeza mara ya pili, na ni lini ameifunga. Panga oda kwa muda zilizochukua, kisha tazama ni wapi kubonyeza mara mbili kunaanza kupanda. Katika mfano wetu, chini ya sekunde 5 wanaorudia kubonyeza ni wachache sana. Kuanzia hapo wanaongezeka haraka. Basi sekunde 5 ina sababu. Ni pale mwenye duka anapoacha kuamini kwamba oda yake imekwenda. Msimamizi wa bidhaa anaweza kuitetea namba hiyo mbele ya mkurugenzi wa fedha, kwa sababu kila oda iliyorudiwa ina gharama ya gari, dereva na katoni ya kurudisha.

Sasa sentensi inaandikika. "Kufikia tarehe 30 Juni, katika kila oda 100 zinazothibitishwa kwa mtandao wa simu kwenye Android zenye RAM ya GB 2 au pungufu, angalau 95 zionyeshe namba ya oda iliyotolewa na seva ndani ya sekunde 5 tangu kidole kiguse kitufe. Vipimo vichukuliwe kwenye simu za wateja wenyewe na vihesabiwe kwa siku 7 mfululizo. Oda iliyoshindikana au kuachwa njiani inahesabiwa kuwa imechelewa."

Kipande cha mwisho ndicho husahaulika zaidi, na nakiomba kisiachwe. Oda iliyokufa kabla ya kukamilika haina muda wa mwisho, hivyo isipohesabiwa waziwazi inatoweka kwenye takwimu. Timu inaweza kuweka kikomo kwamba ombi lolote likizidi sekunde 6 likatwe, na kesho yake hakuna oda hata moja inayochukua sekunde 14. Zote zimegeuka kuwa hitilafu.

Baada ya sentensi, kazi inarudi kwa wasanidi, na sasa wanajua pa kukata. Hatua nzuri ni kuchukua oda moja halisi iliyochukua sekunde 14 na kuifuata hatua kwa hatua. Iwe oda moja halisi, kwa sababu ukichukua mtu wa 95 wa kila hatua ukawajumlisha hutapata mtu wa 95 wa safari nzima. Aliyecheleweshwa kwenye mtandao huenda siye aliyecheleweshwa kwenye hifadhidata.

Oda yetu ilitumwa kwenye 3G dhaifu ambayo kila safari ya kwenda na kurudi ilichukua sekunde 0.3. Kabla ya kutuma chochote, simu ilifanya safari nne: moja kutafuta anwani, moja kufungua mawasiliano, mbili kukubaliana usalama kwa TLS ya toleo la 1.2. Hizo ni sekunde 1.2. Kisha programu ikatuma maombi matano yaliyosubiriana: angalia stoo, angalia bei, angalia njia ya gari, angalia deni, andika oda. Kila moja lilichukua safari moja na kazi ndogo ya seva, jumla sekunde 2.5. Ndani ya lile la kuangalia deni, hifadhidata ilipitia oda zote za miaka yote mstari kwa mstari kwa kuwa hakukuwa na faharasa kwenye namba ya mteja. Hapo zikaongezeka sekunde 3.1. Jambo hilo huonekana ukiweka `EXPLAIN ANALYZE` mbele ya swali la hifadhidata. Mwisho, skrini ya uthibitisho ilisubiri picha za bidhaa zote, kilobaiti 850, kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde: sekunde 6.8. Kuchora skrini, sekunde 0.4. Jumla, 14.

Tazama seva yenye nguvu zaidi ingesaidia wapi. Karibu popote pasingeonekana tofauti. Kwenye hifadhidata ingepunguza kidogo, na mengine yote yangebaki. Karibu nusu ya muda wote ni picha za katoni ambazo mwenye duka ameshaziona dakika moja iliyopita.

Hapo timu inapanga bajeti mpya ya sekunde. TLS ya toleo la 1.3, iliyotolewa mwaka 2018, hupunguza safari moja, hivyo kufungua mawasiliano kunabaki sekunde 0.9. Maombi matano yanakuwa moja: safari ya sekunde 0.3, na seva ipewe sekunde 0.9 kufanya ukaguzi wote, ikiwa na faharasa. Picha zisisubiriwe, namba ya oda itokee kwanza, picha zifuate. Kuchora kunabaki 0.4. Jumla ni sekunde 2.5. Nusu nyingine ya zile sekunde 5 ni akiba ya mtandao kuyumba, na msanidi asishawishike kuijaza na kipengele kipya. Kila hatua ina mwenyewe: wa seva anajua zake ni 0.9, wa simu anajua zake ni 0.4, na namba ikipanda inajulikana nani aulizwe.

Kuna sehemu ambayo bajeti haiwezi kuikata. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za kebo, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kama kila kitu kingine ni kamilifu. Unachoweza ni kupunguza idadi ya safari, au kuisogeza seva karibu. Na kuna siku mbaya kwa kila mtu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda wetu, Tanzania ikiwemo. Timu ikubaliane mapema kama siku za namna hiyo zinahesabiwa. Rai yangu ni zihesabiwe lakini ziwekewe alama, kwani mwenye duka bado alihitaji sukari siku ile.

Hata kwa lengo zuri, namba inaweza kusema uongo. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyoupunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi kilobaiti 98. Ukurasa huo mwepesi ulipewa jina la Feather. Ulipojaribiwa kwa sehemu ya watumiaji, wastani wa muda wa kupakia ulipanda. Alibaki akishangaa, hadi takwimu zilipogawanywa kwa maeneo. Watu wa Afrika, Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini na Siberia, ambao ukurasa wa zamani uliwachukua hata dakika 20 na kwa hiyo hawakuutumia, sasa walikuwa wanaupata kwa dakika mbili na kitu. Kwao dakika mbili zilikuwa neema. Wao ndio walioingia kwenye takwimu na kuuvuta wastani juu. Angetazama namba moja tu, angeirudisha kazi yake nzuri kapuni.

Kwa hiyo kando ya lengo la kasi weka namba nyingine chache za kulilinda: idadi ya oda kwa siku kwa kila aina ya simu, oda zilizorudiwa, oda zilizoshindikana, na megabaiti zinazoliwa kwa oda moja. Muda ukipanda huku oda kutoka simu za bei nafuu zikiongezeka, huenda umefungua mlango kwa watu waliokuwa nje. Muda ukishuka huku oda hizo zikipungua, usishangilie. Huenda waliokuwa wanasubiri wamekata tamaa wakaondoka.

Sentensi ile ina kazi moja zaidi ambayo wasimamizi wengi hawaitumii: inaruhusu watu kusimama. Oda 95 katika 100 zikikaa chini ya sekunde 5 kwa wiki nne mfululizo, kazi ya kuharakisha uthibitisho imekwisha, hata kama msanidi hodari anaona njia ya kukata nusu sekunde nyingine. Kipimo kibaki kikiendelea, kiweke onyo iwapo 95 itashuka hadi 93, na timu ihamie kwenye kitendo kinachofuata, labda kutafuta bidhaa. Nacho kianze upya: mwanzo wake, mwisho wake, simu yake, mtandao wake, mtu wake wa 95, na sababu ya namba yake.

Kama wewe ndiye msimamizi wa bidhaa, kabla ya kikao kijacho azima simu ya bei nafuu, tia laini yenye bando la kawaida, toka nje ya waifai ya ofisi, na ufanye kitendo kimoja ambacho wateja wako wanakifanya kila siku. Hesabu sekunde. Nenda kikaoni na namba hiyo.